Daftari langu la mapambo ya Krismasi huandikwa Januari

Familia yetu hupamba nyumba mbili kila mwisho wa mwaka. Ya kwanza ni hii ya Pasua, mjini Moshi, ambayo huipamba kwa ajili ya Majilio. Ya pili ni nyumba ya wazazi kihambani, huko Marangu, ambako ukoo wote hukutana kuanzia tarehe 22 au 23 Desemba, magari ya kutoka Dar es Salaam yanapoanza kupandisha. Vifaa vya nyumba hizi mbili hununuliwa kwa michango ya ndugu, hubebwa na watu tofauti, hufungwa na vijana wanaobadilika kila mwaka, kisha huhifadhiwa mahali ambapo hakuna anayepakumbuka mwezi wa kumi na mmoja unapoingia. Kwa sababu hiyo, tangu Krismasi ya 2023 ninaandika daftari la mapambo. Ni kaunta buku la kawaida la kwaya mbili, pamoja na folda ya picha kwenye simu.

Waliowahi kuliona huniuliza kwa nini kurasa za Desemba zina mistari michache sana na kurasa za Januari zimejaa. Jibu ni kwamba siku ya kupamba humwonyesha mtu uzuri tu. Nyumba inawaka, watoto wanashangilia, na kila kitu kinaonekana kimekaa sawa. Siku ya kushusha ndiyo inayoonyesha kamba ipi ya taa ilizima bila mtu kugundua, rangi ya ukuta ilibanduka wapi pamoja na solotepu, na ni boksi gani halikufunguliwa msimu mzima. Nyumbani kwetu tunashusha baada ya Epifania, 6 Januari au Jumapili iliyo karibu nayo. Kufikia siku hiyo wageni wameondoka, akili zimehamia kwenye ada za shule, na jambo lisiloandikwa wakati huo halitaandikwa tena.

Kushusha kwangu kunafuata utaratibu ambao daftari lenyewe limeuzaa. Kabla mkono haujagusa kitu chochote, jioni ya mwisho ninawasha taa zote na kuzipiga picha zikiwa bado juu. Kesho yake zinashushwa, zinalazwa sakafuni, na kila kamba inachomekwa peke yake kwenye soketi ileile moja. Jambo la kuangalia hapo si kama kamba inawaka au haiwaki, kwa sababu kamba nyingi zinazouzwa madukani kwetu hufa kwa vipande. Kamba ya taa 100 yenye kile kiboksi cha kubadilishia mtindo wa kumeta mara nyingi huwa imegawanywa katika njia nne, na taa za njia hizo zimepishana: nyekundu, kijani, bluu, njano, kisha nyekundu tena. Waya mmoja ukikatika au taa moja ikifa vibaya, njia nzima huzima, na ukiitazama utaona bluu zote zimelala huku nyingine zinaendelea. Ukiwa mbali, usiku, huwezi kugundua. Unaona tu kwamba mwaka huu nyumba imepoa kidogo. Sakafuni, kwa hatua mbili, inaonekana mara moja. Kamba ya namna hiyo ninaiandikia daftarini "njia tatu", ninaifunga kipande cha utepe mweupe, na mwaka unaofuata inakwenda kwenye dirisha la ndani ambako hakuna atakayehesabu rangi.

Kuhusu picha, nimefikia kuzigawa katika aina mbili ambazo hazipaswi kuchanganywa. Picha za kupendeza kila mtu anazo, na ziendelee kubaki kwenye kundi la WhatsApp la familia. Picha za daftari ni zile ambazo hakuna atakayezipenda: soketi iliyo nyuma ya kabati, maandishi madogo ya kwenye plagi ya taa, kulabu zilizobaki kwenye fishabodi, ndoo ya vifaa ikiwa wazi kabla ya kufungwa. Picha ya ndoo iliyo wazi imenisaidia kuliko orodha yoyote, kwa sababu inaonyesha kitu kiko chini ya kitu gani. Maandishi ya kwenye plagi yanapaswa kupigwa kwa karibu na mwanga wa mchana, na picha ihifadhiwe kwenye simu yenyewe, kwa maana WhatsApp huibana picha inapoituma, na tarakimu za wati ukija kuzikuza unakuta ukungu mtupu. Majina ya picha nayaanza na mahali na kuyamaliza na tarehe, kwa mfano `baraza_kushoto_2025-12-06.jpg`, ili simu ijipangie yenyewe kwa mfuatano na baraza la mwaka huu likae karibu na la mwaka jana.

Ili picha mbili za miaka tofauti zilinganishwe, mpigaji lazima asimame palepale na kupiga saa ileile. Pale Marangu tumekubaliana mahali: mgongo kwenye nguzo ya kulia ya geti, simu imelala kwa upana, nguzo zote za baraza zionekane. Saa ni ngumu zaidi. Huku kwetu jua la mwishoni mwa Desemba huzama kama saa kumi na mbili na dakika arobaini jioni, na giza haliji polepole. Una robo saa hivi ambayo nyumba bado ina umbo na taa tayari zinaonekana. Ukipiga mapema, taa hazionekani. Ukichelewa, unapata nukta za mwanga juu ya weusi, na huwezi kujua kamba ilipita juu ya dirisha au chini yake. Ninapiga kati ya saa kumi na mbili na dakika hamsini na saa moja kamili, ninagusa kwenye kioo cha simu mahali palipo na taa, kisha ninapunguza mwangaza mpaka rangi za taa zirudi. Picha hiyo haina uzuri wa kuwekwa kwenye fremu, lakini mtu asiyewahi kuiona nyumba anaweza kuitumia kufunga kamba zilezile mahali palepale.

Sehemu ya daftari ambayo imetupunguzia kazi zaidi ni ukurasa wa vipimo, na hapo nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo fedha nyingi hupotea. Baraza la Marangu lina nguzo nne za zege. Mwaka 2023 vijana walinunua kamba za mita 10 wakizungushia nguzo mbili za katikati, kamba moja kila nguzo, na zote mbili ziliishia futi kadhaa kabla ya juu. Nguzo zilionekana zimevaa soksi. Suluhisho lililopendekezwa papo hapo lilikuwa kununua kamba nyingine mbili, na zingenunuliwa kama maduka ya karibu hayangekuwa yamefungwa. Nilichoandika Januari hiyo ni vipimo vya nguzo yenyewe: upana sentimita 20 kila upande, yaani mzingo wa sentimita 80, na kimo cha mita 2.4 kutoka sakafuni hadi kwenye boriti.

Kwa vipimo hivyo hesabu ni nyepesi. Kamba ikizungushwa kwa nafasi ya sentimita 15 kati ya mzunguko mmoja na mwingine, inahitaji mizunguko 16 kufika juu. Kila mzunguko unakula kidogo zaidi ya mzingo wa nguzo kwa sababu kamba inapanda huku ikizunguka, kwa hiyo ni kama sentimita 81, na jumla inafika mita 13. Ndiyo maana mita 10 hazikutosha. Nafasi ikiongezwa hadi sentimita 20, mizunguko inakuwa 12, kila mmoja ukila kama sentimita 82 na nusu, na jumla ni mita 9.9. Kamba ileile ya mita 10 inavaa nguzo yote na kubaki na kipande cha kufungia tu. Mwaka 2024 tuliweka alama za penseli kila baada ya sentimita 20 kwenye pembe moja ya kila nguzo, na mpwa wangu ambaye hakuwahi kufunga taa alizimaliza nguzo zote mbili kabla ya chai ya saa kumi. Alama hizo bado zipo. Hazionekani mpaka uzitafute.

Hesabu hiyo ina mpaka wake. Mita 10 zilizoandikwa kwenye boksi mara nyingi ni urefu wa sehemu yenye taa, na waya mtupu wa kutoka kwenye plagi hadi taa ya kwanza huwa ni nyongeza, lakini si maboksi yote yanayosema kweli. Kamba mpya ninaipima kwa futi ya fundi kabla sijaiandika. Vilevile urefu wa ule waya mtupu ni kipimo cha kuandikwa peke yake, kwa kuwa ndio unaoamua kama utahitaji ekstensheni. Baraza letu halina soketi hata moja. Umeme unatoka sebuleni na kupita kwenye grili ya dirisha. Kutoka soketi hiyo hadi chini ya nguzo ya kwanza ni mita 6 ukifuata kona za ukuta, ingawa ukitazama kwa macho utaapa ni mita 3. Namba hiyo imezungushiwa duara jekundu daftarini.

Kwenye soketi kuna jambo jingine ambalo picha zililifichua. Soketi zetu ni za matundu matatu ya mstatili, na taa nyingi za Krismasi huja na plagi ya pini mbili nyembamba za mviringo. Kila nyumba inajua ile njia ya kusukuma kalamu kwenye tundu la juu ili matundu mengine mawili yafunguke, kisha plagi inasukumizwa kwa nguvu. Pini hizo hazishiki vizuri, hulegea, hutoa cheche na kupasha moto plastiki. Katika picha ya 2023 ya soketi ya sebuleni, tundu moja lina kivuli cha kahawia pembeni, na hakuna aliyekuwa amekitambua siku zile. Tangu hapo daftari lina mstari wa adapta: ngapi zinahitajika, ngapi zipo, na ziko ndoo gani. Adapta ni kitu cha bei ndogo ambacho hukosekana tarehe 23 jioni, na kukosekana kwake ndiko kunakozaa kalamu.

Sasa nije kwenye gharama. Mwaka wa kwanza niliandika kama anavyoandika kila mtu, yaani kitu na bei yake, na jumla chini. Ukiujumlisha mwaka 2023 unapata shilingi 190,000: mti wa plastiki wa sentimita 180 kwa 95,000, kamba nne za taa kwa 36,000, mipira ya kung'aa na riboni kwa 28,000, ekstensheni kwa 15,000, mshahara wa kijana mwenye ngazi 10,000, na mishumaa ya Majilio 6,000. Jumla hiyo ni ya kweli lakini haina msaada, kwa sababu inachanganya mti utakaokaa miaka na mishumaa itakayokwisha mwezi huohuo. Kaka yangu mkubwa aliuliza swali lililonifanya niongeze safu. Mchango wa 2024 ulipotangazwa, aliandika kwenye kundi: "Dada, mwaka jana si tulinunua taa? Zimekwenda wapi?" Ni swali la haki kabisa kwa mtu anayetuma fedha kutoka mbali.

Safu niliyoiongeza inaitwa "kwa Krismasi moja". Kamba nne za 2023 zilinunuliwa kwa shilingi 9,000 kila moja, zote za aina moja. Mbili zilifungwa nje Marangu, mbili zilifungwa ndani Pasua. Za nje hazikuwaka siku ya kushusha. Za ndani zimekwisha kupamba Krismasi tatu na bado zinawaka, moja ikiwa na njia tatu. Bei ya dukani ni ileile, lakini ya ndani imegharimu shilingi 3,000 kwa Krismasi moja na ya nje imegharimu 9,000 nzima. Kwa mtazamo huo, kamba ya shilingi 16,000 iliyotengenezwa kwa ajili ya nje, ikidumu Krismasi mbili, tayari ni rahisi kuliko ile ya 9,000, na kila Krismasi inayoongezeka inaishusha zaidi. Tulinunua mbili mwaka 2024, na Januari hii zilipochomekwa sakafuni njia zote nne ziliwaka. Sidai kwamba kamba mbili zinathibitisha jambo. Bahati ina nafasi yake. Ila ndugu wanaochanga wakiuliza, kuna ukurasa wa kuwaonyesha na picha ya kamba zilizokufa.

Fundi wa umeme aliyeziangalia zile za kwanza alitueleza sababu kwa sentensi moja. Aligeuza kile kiboksi, akasoma nyuma yake, akasema, "Mama, hii ni ya ndani. Ikilala nje na ukungu wa huku, maji yanaingia tu." Nyuma palikuwa na alama IP20. Tarakimu ya pili ndiyo inayohusu maji, na sifuri maana yake hakuna kinga yoyote. Ile ya nje inapaswa kuwa walau IP44, ambayo hustahimili maji ya kurukia kutoka upande wowote, ingawa haimaanishi kwamba inaweza kulala kwenye dimbwi. Marangu ni juu kuliko mjini, na jioni za Desemba huko huwa na unyevu hata siku ambayo Moshi mjini watu wanatafuta kivuli. Kwa hiyo taa ambayo ingevumilia Pasua chini ya paa inaweza isivumilie kule, na daftari lazima liseme kamba ilifungwa wapi, si kwamba ilikufa tu. Hata za IP44 tunazifunga kiboksi kikiwa ndani ya dirisha, na waya unaoingia dirishani tunauachia ulegee kidogo chini ya usawa wa tundu kabla haujapanda kuingia, ili matone yadondokee hapo badala ya kufuata waya hadi kwenye soketi.

Bei pia ina majira yake, nami huandika tarehe pembeni ya kila bei. Kamba ileile, dukani kwa mtu yuleyule, niliikuta kwa shilingi 13,000 mwezi Oktoba na kwa 16,000 wiki ya Krismasi. Ushauri wa kawaida ni kununua Januari bei zinaposhuka. Sikubaliani nao kwa mazingira yetu: Januari fedha zote ni za ada na sare, na bidhaa inayobaki dukani wakati huo ni ile iliyokataliwa. Oktoba ndio mwezi unaofaa, na mtu hawezi kununua Oktoba kwa uhakika kama hana orodha iliyoandikwa Januari. Kwa mipira na riboni nimeona afadhali kupita kwenye mitumba ya Memorial au Kiboriloni, ambako mara mojamoja huangukia mfuko mzima wa vipambo vya mti. Hapo sinunui taa, kwa kuwa siwezi kuzijaribu na sijui zimelala wapi.

Upande wa Majilio una ugumu ambao sikuutarajia mpaka nilipolinganisha kurasa mbili. Niliandika kwa tarehe tu, na tarehe hazikulingana. Jumapili ya kwanza ya Majilio ilikuwa 3 Desemba mwaka 2023, 1 Desemba mwaka 2024, na 30 Novemba mwaka 2025. Mwaka huu wa 2026 itakuwa 29 Novemba. Mwaka 2023 Jumapili ya nne iliangukia tarehe 24 yenyewe, kwa hiyo mshumaa wa nne uliwashwa asubuhi na usiku wake ukawa mkesha. Mwaka huu Jumapili ya nne ni 20 Desemba. Maana yake kwa shada la mezani ni kwamba matawi mabichi yanapaswa kustahimili siku nne zaidi kuliko mwaka ule. Shada letu ni la saipresi inayopogolewa kwenye ua wa jirani, na kwa ukurasa wa 2024 saipresi ilianza kupukutika kuelekea Jumapili ya tatu. Matawi makavu chini ya mishumaa minne inayowaka si jambo la kuachia. Tangu 2025 tunabadilisha matawi yote Jumamosi ya kuamkia Jumapili ya tatu, ile ya mshumaa wa waridi, na mapya yanafungwa juu ya sponji iliyoloweshwa maji. Daftarini ninaandika sasa "Majilio, Jumapili ya 3" kwanza, na tarehe baadaye.

Mishumaa yenyewe haiunguzwi sawa, na hili lilijitokeza tu kwa kuandika kilichobaki. Wa kwanza unawashwa kila juma, wa nne unawashwa mara chache, na wote hununuliwa kwa urefu mmoja. Mwisho wa msimu wa 2024 wa kwanza ulibaki kisiki cha vidole viwili na wa nne ulikuwa karibu mzima. Si lazima kutupa seti yote: mshumaa wa nne uliobaki unaweza kuwa wa nne tena, na wa tatu wa waridi kuwa wa tatu tena, na kinachonunuliwa ni mirefu miwili tu.

Uhifadhi una ukurasa mfupi lakini mkali. Mwaka wa kwanza vitu vililala kwenye maboksi ya karatasi juu ya dari la Pasua. Chini ya bati, joto la Januari na Februari lilipinda mishumaa na kufungua gundi ya nyota, na boksi moja lilikuwa limeanza kuliwa na mchwa kwenye kona. Sasa kila kitu kimo kwenye ndoo za lita 20 zenye vifuniko, ambazo hata panya hana pa kuanzia, na ziko chini ya kitanda cha chumba cha wageni. Ndoo ya Marangu na ndoo ya Pasua hazichanganywi. Betri zinatolewa kwenye kila taa ndogo kabla ya kufungwa, kwa sababu betri iliyosahaulika ndani huvuja na kutu ya kijani hula vyuma vya kushikia. Taa inakuwa nzima na haiwaki. Kamba za taa zinazungushwa juu ya kipande cha kadibodi, ncha ya plagi ikibaki nje, na juu ya kadibodi unaandikwa mwaka wa kununuliwa, mahali ilipofungwa, na namba ya njia zinazowaka.

Kuna kurasa nilizoziacha, na nadhani ni vizuri kuzitaja, kwa kuwa daftari linalodai mengi halifiki mwaka wa tatu. Nilikuwa naandika umeme kila jioni. Kamba nne za wati 8 ni wati 32. Zikiwaka saa tano kila usiku zinatumia uniti 0.16, na kwa usiku 20 ni uniti 3.2. Kwa shilingi 356 kwa uniti, ambayo ndiyo ninayolipa, msimu mzima haufiki shilingi 1,200. Baada ya hesabu hiyo nilifunga ukurasa. Nimeacha pia kuandika rangi zilizopendeza, kwa maana mama hupenda nyekundu kila mwaka na mjadala huishia hapo.

Nilichokiongeza badala yake ni safu ya usiku ambao taa ziliwaka na watu wapo. Safu hiyo ilionyesha kwamba nyumba ya Pasua hubaki na mlinzi peke yake kuanzia tarehe 23 hadi baada ya mwaka mpya, taa zikimwakia yeye na barabara. Kwa hiyo mwaka jana mti ulibaki mjini, kwa sababu ndio ulio karibu nasi muda wote wa Majilio, lakini kamba mbili zilizokuwa dirishani zilishushwa asubuhi ya tarehe 22 na kupandishwa Marangu pamoja na mchele na soda. Pango la Noeli nalo lilipanda, na mtoto Yesu akawekwa usiku wa mkesha mbele ya watoto wote wa ukoo badala ya kuwekwa mjini na watu wawili.

Ukurasa wa 2026 tayari una kichwa chake. Chini yake, kwa kalamu ya bluu, pameandikwa vya kununua Oktoba: adapta tatu, kamba moja ya IP44 ya mita 10 kwa ajili ya fishabodi, mishumaa miwili mirefu ya zambarau, sponji. Cha kufanyika Novemba ni kumwita fundi aweke soketi ya nje yenye kifuniko barazani Marangu, na pembeni yake nimeandika bei aliyoitaja Januari hii, ambayo ni shilingi 45,000 pamoja na vifaa, ili kaka asije akaambiwa bei nyingine. Nyota ya juu ya mti bado haijaamuliwa. Gundi yake imefunguka mara mbili, na mama hataki ibadilishwe.